Sekunde Mia Moja Ndani ya MB 15

Tuchukue video moja ya dufu. Imerekodiwa usiku wa Maulidi kwenye uwanja wa madrasa, Tanga, kwa simu ya kawaida ya Android. Ina dakika tatu na sekunde ishirini, na ukifungua maelezo yake utakuta ina MB 425. Mwenye video anataka iwafikie ndugu walioko Maskati kupitia kundi la familia la WhatsApp. Anataka ikifika nyuso za watoto zionekane, kanzu zisigeuke mabaka meupe, na mlio wa dufu usikike kama ulivyosikika pale uwanjani.

Wengi wetu hufanya jambo moja tu: tunaichagua video, tunabonyeza kutuma, na kuiachia programu ifanye inavyojua. Matokeo tunayafahamu. Video inafika na ukungu, ukuta wa giza nyuma ya watoto umejaa viraba, na mtoto wa safu ya pili hana macho wala mdomo. Lawama humwendea mwenye simu, kwamba kamera yake mbovu. Kamera haina kosa lolote. Faili la MB 425 limebanwa kwa haraka, na aliyelibana hakujua kipi ndani yake ni muhimu na kipi ni cha kutupa. Kazi hiyo ukiifanya mwenyewe kabla ya kutuma, video ileile huingia kwenye faili dogo na ikabaki ya kutazamika.

Kwanza tujue tunalenga ukubwa gani. Kwa miaka mingi WhatsApp iliwaeleza watumiaji wake kwamba video haipaswi kuzidi MB 16. Faili likitumwa kama hati kipimo ni kingine: kilikuwa MB 100, na mwaka 2022 kikapandishwa hadi GB 2. Telegram nayo inapokea faili la GB 2, na barua pepe ya Gmail inakomea MB 25. Mtu atauliza: ikiwa hati inaruhusiwa kufika GB 2, si nitume tu zile MB 425 zote? Unaweza. Lakini kundi la familia lenye watu sitini likipakua faili hilo, jumla yake ni zaidi ya GB 25, na kila mmoja analipia sehemu yake kwa bando lake. Wengi hawataifungua kabisa. Ndiyo maana mimi naendelea kuuheshimu mpaka wa MB 16 hata pale ambapo haulazimishwi: ni ukubwa ambao shangazi mwenye bando la siku ataubonyeza bila kusita.

Katika hesabu tutalenga MB 15, si 16. Programu moja huhesabu MB kuwa baiti milioni moja, nyingine huihesabu kuwa baiti 1,048,576, na faili lenyewe hubeba maelezo yake ya ndani ambayo nayo yana uzito. MB moja ya akiba inakuepusha na kukataliwa kwa sababu ya tofauti ndogo kama hizo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo likieleweka mengine yote yanakuwa mepesi. Ukubwa wa faili la video hauamuliwi moja kwa moja na upana wa picha wala na ubora wa kamera. Unaamuliwa na vitu viwili tu: video ina sekunde ngapi, na kila sekunde imepewa biti ngapi. Simu nyingi zinaporekodi kwa mwonekano wa 1080 hutumia karibu biti milioni 17 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 200, gawanya kwa 8 ili kupata baiti, na utazikuta zilezile MB 425. Ukiigeuza hesabu hiyo, unapata kanuni ya kujua una kiasi gani cha kutumia:

```
kilobiti kwa sekunde = MB × 8000 ÷ sekunde
```

Kwa MB 15 na sekunde 200, jibu ni kilobiti 600 kwa sekunde. Simu ilikuwa na 17,000, sisi tumebaki na 600. Hicho ni kiasi kidogo mno kwa watoto thelathini wanaoyumba pamoja kwenye mwanga hafifu. Hakuna programu itakayokitosheleza, na anayekuahidi kwamba ipo anakudanganya.

Hapo ndipo kukata kunapoingia. Kukata ndiyo njia pekee ya kupunguza faili ambayo haigusi ubora wa kile kinachobaki. Itazame video ya dufu kwa jicho la mtu wa Maskati. Sekunde arubaini za mwanzo ni viti vinavutwa, ustadhi anajaribu kipaza sauti, na kidole cha mrekodi kinapita mbele ya kioo. Dakika ya mwisho ni watu wanasimama na simu inaelekea chini. Dufu lenyewe linaanza sekunde ya 40 na kuisha dakika ya pili na sekunde ya 20. Ni sekunde 100 kamili. Rudia hesabu: MB 15 kwa sekunde 100 ni kilobiti 1,200 kwa sekunde, yaani maradufu ya tulichokuwa nacho, na hatujapoteza hata unywele mmoja wa picha tunayoitaka.

Mtu akiniuliza afanye lipi kama ana nafasi ya kufanya jambo moja tu, nitamwambia akate. Watu huogopa kukata kwa kudhani wanaipunguzia video thamani, kisha wanaibana video nzima mpaka haitazamiki. Faili la asili libaki kwenye simu au kwenye kompyuta bila kuguswa. Kinachokatwa ni nakala.

Kuna kasoro moja ya kukata ambayo huwashangaza wengi. Unachagua ianze sekunde ya 40, lakini nakala inaanza sekunde ya 39, au inaanza na picha iliyoganda huku sauti ikiendelea. Sababu iko ndani ya namna video inavyohifadhiwa. Faili halihifadhi kila fremu kama picha kamili. Linahifadhi fremu moja kamili, kisha fremu kadhaa zinazofuata zinaeleza tu nini kimebadilika tangu ile ya kwanza: mkono umepanda, kichwa kimegeuka, ukuta umebaki palepale. Baadaye inakuja fremu kamili nyingine. Programu ya kukata ambayo haiibani video upya inaweza kuanzia kwenye fremu kamili tu, kwa sababu fremu za katikati hazina maana bila ile iliyotangulia. Ikilazimishwa kuanzia katikati, picha huganda mpaka fremu kamili ijayo ifike. Kwetu si tatizo kubwa, kwa sababu tutaibana video upya, na katika kubana upya mkato unaweza kuanza kwenye fremu yoyote. Ndiyo maana ni bora kukata na kubana kwa pamoja, katika hatua moja, kutoka faili la asili.

Namna hiyo ya kuhifadhi mabadiliko ndiyo inayoeleza pia kwa nini video mbili za urefu sawa na biti sawa zinaweza kuwa na sura tofauti kabisa. Ustadhi aliyeketi anazungumza mbele ya ukuta mweupe mchana habadilishi mengi kutoka fremu hadi fremu, kwa hiyo kilobiti 1,100 kwa sekunde zinamtosha na kumzidi. Majani ya mnazi yanayopeperushwa, mawimbi, vumbi, umati unaocheza, simu inayotikisika mkononi, hivyo vyote hula biti nyingi kwa sababu karibu kila nukta ya picha imebadilika. Adui mkubwa kuliko wote ni giza. Kamera ya simu ikikosa mwanga huongeza nguvu ya kipokezi chake, na picha inajaa chembechembe zinazorukaruka. Jicho letu huzipuuza, ila programu ya kubana haijui kwamba ni takataka. Inaziona kuwa mabadiliko mapya kila fremu, na kwa kuwa hazina mpangilio haiwezi kuzitabiri. Inatumia biti kuzieleza, na nyuso zinakosa.

Kwa video ya dufu tunafanya mambo mawili kuhusu hili. La kwanza ni kuzisafisha chembe hizo kidogo kabla ya kubana. Nasema kidogo kwa sababu usafishaji ukizidi unafuta na ngozi pia, na watoto wanaonekana kama wamefinyangwa kwa udongo. La pili ni kupunguza vipimo vya picha, na hapa nataka tukae kwa muda, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopingana na akili yao wenyewe.

Picha ya 1080 ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, zaidi ya milioni mbili kwa kila fremu. Ya 720 ina karibu laki tisa na elfu ishirini. Ya 480, yaani 854 kwa 480, ina karibu laki nne na elfu kumi. Biti tulizonazo ni zilezile hata tukichagua ipi. Tukibaki na 1080, biti zinagawanywa kwa nukta nyingi na kila nukta inapata kiasi kiduchu, ndipo viraba vinapotokea. Tukishuka hadi 480, kila nukta inapata mara tano ya ilichokuwa ikipata kwenye 1080. Picha ina maelezo machache zaidi kwenye karatasi, lakini kila kilichomo kimechorwa vizuri. Picha ndogo iliyoshiba inapendeza kuliko picha kubwa yenye njaa.

Tukumbuke pia inatazamwa wapi. Video iliyorekodiwa kwa kulaza simu, ikitazamwa kwenye simu iliyosimamishwa wima, inachukua ukanda mwembamba wenye upana wa sentimita saba hivi. Hapo tofauti ya 480 na 1080 haionekani kwa macho. Ikilazwa, tofauti inaanza kuonekana, lakini viraba vinaonekana zaidi. Kwa usiku na watu wengi wanaotembea nachagua 480. Ingekuwa ni ustadhi mmoja anazungumza mchana, kwa sekunde zilezile na MB zilezile, ningechagua 720 bila wasiwasi. Kati yao ipo 540, ambayo ni 960 kwa 540, na ni chaguo zuri ukiwa huna uhakika. Kama simu ilirekodi kwa fremu 60 kwa sekunde, ishushe hadi 30 kabla ya kugusa kitu kingine. Ikiwa ni 30 tayari, iache.

Sauti isisahaulike kwenye bajeti. Mtazamaji atasamehe picha iliyopungua, ila dufu linalolia kama debe lenye kutu hatalisamehe, na kwa video hii sauti ndiyo nusu ya jambo. Kilobiti 96 kwa sekunde za sauti aina ya AAC zinatosha kwa dufu na kaswida, na kwa sekunde 100 zinagharimu MB 1.2 tu. Ingekuwa ni mazungumzo ya mtu mmoja, 64 zingetosha. Tukitoa 96 kutoka 1,200, picha inabakiwa na 1,104. Tuifanye 1,100.

Sasa kubana kwenyewe. Kwenye kompyuta, programu ninayoipendekeza kwa mtu asiyependa kuandika amri ni HandBrake. Haina malipo, na inapatikana kwa Windows, Mac na Linux. Fungua faili la asili ndani yake. Kwenye sehemu ya Range badilisha Chapters iwe Seconds, kisha andika mwanzo 00:00:40 na mwisho 00:02:20. Weka Format kuwa MP4 na utie alama kwenye Web Optimized. Kwenye Dimensions shusha urefu wa picha hadi 480. Kwenye Filters, mahali pa Denoise, chagua NLMeans na uipe kiwango cha Light. Kwenye Audio weka AAC na 96.

Sehemu ya Video ndiyo inayohitaji umakini. Encoder iwe H.264 (x264). Chini yake kuna njia mbili za kuamua ubora. Ya kwanza, ambayo ndiyo HandBrake huanza nayo, ni kitelezi cha Constant Quality. Unapoitumia unaiambia programu ilinde ubora fulani, na ukubwa wa faili uwe wowote utakaotokea. Ni njia nzuri sana kwa kuhifadhi kumbukumbu nyumbani. Kwa mwenye mpaka wa MB haifai, kwani huwezi kujua faili litatoka na MB 9 au 40 mpaka likamilike. Chagua Avg Bitrate na uandike 1100, kisha tia alama kwenye Multi-Pass Encoding, ambayo kwenye matoleo ya zamani huitwa 2-Pass Encoding.

Alama hiyo ndogo ndiyo inayotutenganisha na kile ambacho simu ingefanya yenyewe. Programu inaipitia video mara mbili. Mara ya kwanza haitoi faili lolote, inatazama tu na kuandika wapi pagumu na wapi pepesi. Mara ya pili ndipo inapobana, ikijua tayari vipande vyote. Mpishi wa harusi anayejua idadi ya meza kabla ya kupakua pilau hawezi kumaliza nyama kwenye meza tano za mwanzo, na ndivyo ilivyo hapa. Pale watoto wanaposimama kimya wakisubiri mwitikio, programu inabana matumizi. Pale safu zote zinapoyumba na madufu kupanda juu, inamwaga biti ilizoziweka. Wastani unabaki 1,100. Simu inayobana wakati wa kutuma kwa kawaida hupita mara moja tu tena mbio, kwa hiyo haina habari ya kinachokuja mbele.

Kwa wanaozoea amri, kazi yote hii inafanyika kwa ffmpeg, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000 na ambayo leo imejificha ndani ya programu nyingi za video tunazozitumia. Mistari ni miwili, mmoja kwa kila mpito:

```
ffmpeg -y -ss 40 -t 100 -i dufu.mp4 -vf "hqdn3d=2,scale=-2:480,format=yuv420p" -c:v libx264 -b:v 1100k -pass 1 -an -f null /dev/null

ffmpeg -ss 40 -t 100 -i dufu.mp4 -vf "hqdn3d=2,scale=-2:480,format=yuv420p" -c:v libx264 -b:v 1100k -pass 2 -c:a aac -b:a 96k -movflags +faststart dufu-fupi.mp4
```

Kwenye Windows andika `NUL` badala ya `/dev/null`. Namba 40 ni sekunde ya kuanzia, 100 ni urefu, `hqdn3d` ndicho kisafishaji cha chembe, na `+faststart` inapeleka faharasa ya faili mbele ili video inayotazamwa mtandaoni ianze kucheza kabla haijamaliza kupakuliwa. Ndiyo kazi ileile ya Web Optimized.

Faili litakalotoka litakuwa karibu MB 15. Likizidi, usianze kubahatisha. Chukua ukubwa uliotaka, ugawanye kwa ukubwa uliopata, kisha zidisha jibu kwa biti ulizoandika. Ukipata MB 16.5 badala ya 15, basi 1,100 inakuwa 1,000, na unarudia kutoka faili la asili. Neno asili hapa nalitilia mkazo. Kila mara video inapobanwa, makosa ya mara iliyopita yanachukuliwa kuwa sehemu ya picha na kupewa biti zao. Nakala iliyokwisha kupita kwenye makundi matatu ya WhatsApp haiokoleki. Kama video si yako, mwombe aliyeirekodi akupe ile iliyo kwenye simu yake.

Kabla hujaituma, itazame. Usiitazame kwenye kompyuta kwa kuisimamisha fremu moja moja, kwa sababu hata video nzuri ikisimamishwa katikati ya mwendo inaonekana mbaya. Ihamishie kwenye simu, ilaze, na utazame sehemu ngumu kuliko zote ikicheza: pale safu zinapoyumba. Angalia sehemu nne. Ukuta wa giza usiwe na miraba inayotembea. Kingo za kanzu dhidi ya giza zisiwe na vumbi linalochezacheza. Mashavu yawe na ngozi, yasiwe laini kama nta. Na picha isiwe inapumua, yaani kufifia taratibu kisha ghafla kuwa safi kila baada ya sekunde chache. Kupumua huko hutokea kila fremu kamili mpya inapoingia, na ni dalili ya uhakika kwamba biti hazitoshi. Dawa yake ni kukata sekunde nyingine kumi au kushusha vipimo daraja moja. Kama ulichagua 720 na unaona viraba, 540 itakuondolea vingi.

Mambo mengine yanayoharibika yana dalili zake. Rangi zikitoka zimepauka kama nguo iliyoanikwa juani, video ilirekodiwa kwa HDR, jambo ambalo simu za iPhone hulifanya tangu iPhone 12. Unaweza kuizima kwenye mipangilio ya kamera kabla ya shughuli ijayo. Sauti ikianza kuachana na midomo kadiri video inavyoendelea, sababu ni kwamba simu hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga. Kwenye HandBrake chagua Constant Framerate. Ndugu akikuambia anasikia sauti bila picha, huenda uliibana kwa H.265. Aina hiyo hubana vizuri zaidi kuliko H.264, lakini simu na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuifungua. H.264 imekuwepo tangu mwaka 2003 na karibu kila kifaa kinaielewa. Kwa kundi la familia lenye simu za kila umri, sioni sababu ya kuiacha.

Asiye na kompyuta hajakwama. Kata kwanza kwenye programu ya picha ya simu yako na uihifadhi kama nakala mpya, ukikumbuka kwamba inaweza kuanza sekunde moja kabla ya pale ulipochagua. Kisha tumia programu ya kuhariri inayokuruhusu kuchagua vipimo vya picha na biti kwa sekunde wakati wa kutoa faili. Hesabu ni ileile. Kama programu inaandika kwa megabiti, 1,100 ni 1.1. Nyingi huonyesha makadirio ya MB kabla hujathibitisha, na hayo yatakusaidia kuona kama umeandika sawa. Hutapata mpito wa mara mbili kwenye nyingi ya programu hizo, kwa hiyo jipe nafasi zaidi: kata hadi sekunde 80, au kubali 480 hata kwa video ya mchana.

Imebaki hatua ya kutuma, na hapa kazi yote inaweza kupotea kwa kubonyeza mahali pasipo. Ukiituma kama video ya kawaida, WhatsApp inaweza kuibana tena hata kama ni ndogo. Tangu mwaka 2023 kuna alama ya HD unayoweza kuibonyeza kabla ya kutuma, na inasaidia, lakini bado si faili lako kama lilivyo. Ili lifike bila kuguswa, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, kisha ulitafute faili ndani ya simu. Hasara yake ni kwamba watu wa kundi huenda wasione picha ya mbele ya kuwavutia, bali jina la faili na ukubwa wake tu. Basi lipe jina linalojieleza kabla ya kulituma, kama `Dufu-Maulidi-Tanga-dk1-sek40.mp4`, ili aliyeko Maskati ajue anafungua nini na kitamchukua muda gani.